Picha Uliyoikropu Bado Ipo Nzima: Sehemu Iliyokatwa Hukaa Wapi, na Namna ya Kuiondoa Kabisa

Tuseme ni Oktoba, wilayani Tandahimba, na msimu wa korosho umeshafunguliwa. Karani wa chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoviita, amepiga picha kwa simu ukurasa wa orodha ya malipo. Mna majina ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani, namba za akaunti za benki na kiasi ambacho kila mmoja atalipwa. Mkulima mmoja anapiga simu kutoka shambani: "Mwanangu, nitumie mstari wangu tu niuone." Karani anafungua picha kwenye galari, anabonyeza alama ya penseli, anavuta kingo za fremu hadi unabaki mstari mmoja, anabonyeza Save, kisha anatuma kwa WhatsApp.

Siku kadhaa baadaye simu ile ile iko mikononi mwa mtu mwingine, labda mpwa aliyeiazima, labda fundi anayebadilisha kioo. Anaikuta ile picha nyembamba ya mstari mmoja, anabonyeza penseli, na juu ya skrini anaona neno Revert. Analigusa. Ukurasa mzima unarudi na majina yote, akaunti zote, fedha zote.

Wengi wakiliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani simu ina hitilafu, au hushtuka kwamba hata yule mkulima aliyetumiwa anaweza kuurudisha ukurasa. Dhana zote mbili si sahihi. Simu imefanya kile ilichoundwa kufanya, na kwa hali ya kawaida mkulima hawezi kurudisha chochote. Mwenye uwezo huo ni anayeishika simu iliyokata picha, au anayeweza kuingia kwenye akaunti ambako picha ilihifadhiwa. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata kwa urahisi.

Simu inafanya nini unapobonyeza Save

Zamani kukropu kulikuwa kukata kweli. Programu ilisoma picha, ikachukua kipande ulichochagua, ikakiandika juu ya faili la zamani, na kilichobaki kikapotea. Watu walipoteza picha za harusi kwa kidole kilichoteleza, na watengenezaji wa simu wakabadili utaratibu. Siku hizi galari hufanya kama fundi cherehani anayekunja pindo la suruali badala ya kulikata: kwa nje suruali ni fupi, lakini kitambaa chote kipo ndani, na ukifumua uzi kinashuka tena.

Ila simu hazikunji kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatari iko wapi.

Kwenye Samsung, simu hutengeneza picha mpya iliyokatwa kweli na kuiweka mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile. Ile nzima huhamishiwa kwenye eneo la mfumo ambalo programu ya kawaida ya mafaili hailifikii. Ndani ya faili jipya, mwishoni kabisa baada ya data ya picha, galari huacha maelezo mafupi ya maandishi: ulikata wapi, na picha nzima imehifadhiwa njia gani. Njia yenyewe huanza na `/data/sec/photoeditor`. Ukibonyeza Revert, galari husoma maelezo hayo, huifuata ile njia, na kuirudisha picha.

Kwa hiyo faili linaposafiri kwenda simu nyingine, linabeba anwani ya picha nzima lakini halibebi picha yenyewe. Huko linakofika hakuna kitu kwenye anwani hiyo. Ndiyo maana yule mkulima, hata angekuwa na Samsung kama ya karani, anabaki na mstari wake mmoja.

iPhone hufanya kinyume kidogo. Picha ya awali haiguswi wala haihamishwi. Pembeni yake huwekwa faili dogo lenye herufi AAE lililoandikwa maelekezo ya mabadiliko, na hutengenezwa nakala iliyokatwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Picha ya `IMG_0412` ikikropiwa huwa na `IMG_0412.AAE` na `IMG_E0412`. Ile E ndiyo inayoitambulisha nakala iliyohaririwa. Kwenye skrini unaona picha moja tu, lakini ndani zinakaa pamoja.

Google Photos nayo, kwa picha zilizopandishwa kwenye akaunti yako, huweka mabadiliko juu ya picha ya awali bila kuifuta, ukitumia Save ya kawaida. Ukichagua Save copy, unapata faili la pili, na la kwanza linabaki kama lilivyokuwa.

Pima mwenyewe kabla ya kuogopa

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu. Fungua picha uliyoikropu, bonyeza penseli au Edit, usubiri kidogo. Ukiona Revert na inabonyezeka, picha nzima bado ipo. Kama haipo, au imefifia na haiitiki, basi galari hiyo haina cha kurudisha.

Kipimo cha pili ni ukubwa wa faili. Kwenye galari ya Samsung vuta picha kwenda juu, taarifa zake zitatokea chini. Tuseme karani alipiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, na faili likawa karibu MB 4. Baada ya kukropu mstari mmoja anaona 4000 kwa 500, yaani milioni 2, na faili limeshuka hadi mamia ya KB. Hapo ana uhakika kwamba faili analotuma halina ukurasa mzima ndani yake, kwa sababu ukurasa mzima usingeenea humo. Angekuta picha ya mstari mmoja lakini faili bado ni la MB 4, hapo pangekuwa na la kujiuliza.

Ajabu ya mwaka 2023

Kujiuliza huko kuna historia. Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walitangaza kasoro iliyopewa jina aCropalypse, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-21036. Ilikuwa kwenye Markup, programu ya kuhariri skrinishoti ya simu za Google Pixel. Markup iliandika picha ndogo mpya juu ya faili la zamani bila kulifupisha faili. Kama la zamani lilikuwa KB 1,900 na jipya KB 300, zile KB 300 zilikaa mwanzoni, na KB 1,600 za zamani zikabaki mkiani. Programu za kuonyesha picha husoma hadi alama ya mwisho wa picha mpya na kuishia hapo, kwa hiyo hakuna aliyeuona ule mkia. Lakini mtu aliyejua aliweza kuusoma na kurudisha sehemu kubwa ya picha iliyokatwa, tena kutoka kwenye faili lililokwishatumwa kwa wengine.

Siku chache baadaye ikagundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11 ilikuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo. Zote mbili zilizibwa Machi hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba sasisho huiponya programu, haliyaponyi mafaili yaliyotumwa kabla yake. Hata hivyo, aliyetuma kama picha ya kawaida ya WhatsApp alisalimika, maana WhatsApp huisuka upya picha kabla ya kuituma na mkia ukapotelea hapo. Waliobaki na wasiwasi ni wale waliotuma faili lenyewe kama lilivyo.

Nimelileta hili kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Revert ni hifadhi ya makusudi inayobaki kwako. aCropalypse ilikuwa ajali iliyosafiri na faili. Dawa zake hazifanani.

Njia nne ambazo picha nzima hutoka bila wewe kujua

Nimesema kwa hali ya kawaida unayemtumia hawezi kurudisha. Hali zisizo za kawaida ni hizi, na naanza na ile inayotokea sana kwenye maduka ya stesheneri.

Mtu ana iPhone, anataka kuprinti kitambulisho alichokikropu. Kijana wa dukani anachomeka waya kwenye kompyuta, anafungua folda ya DCIM, anabeba picha zote za siku hiyo. Kompyuta haijui habari za kuonyesha picha moja. Inaona `IMG_0412` nzima, inaona `IMG_E0412` iliyokatwa, na inazichukua zote mbili. Picha nzima sasa iko kwenye kompyuta ya duka. Ukiwa na iPhone, usitoe picha iliyokropiwa kwa waya. Tuma hiyo moja tu kwa WhatsApp au barua pepe.

Ya pili ni AirDrop, njia ya Apple ya kurushiana mafaili bila waya. Kwenye iPhone, unaposhea picha kuna sehemu ya Options, na ndani yake kuna swichi ya All Photos Data. Ikiwa imewashwa, anayepokea anapata picha ya awali pamoja na historia yote ya kuhariri. Huyo anaweza kubonyeza Revert kwenye simu yake. Iache imezimwa.

Ya tatu ni akaunti ya mtandaoni. Karani alipiga picha saa nne asubuhi, simu ikakutana na Wi-Fi saa tano, Google Photos ikapandisha ukurasa mzima. Alipokuja kukropu saa nane kwenye galari ya Samsung, alikata kilichoko kwenye simu. Kilichopanda saa tano kinaweza kuwa bado kiko kwenye akaunti yake kikiwa kizima. Afungue Google Photos, aende kwenye tarehe hiyo, aangalie. Na kama akaunti ile ile imefunguliwa pia kwenye tableti ya watoto, picha inaonekana na huko.

Ya nne ni kijipicha kinachofichwa ndani ya faili la JPEG. Kamera nyingi huweka humo picha ndogo sana, mara nyingi ya pikseli 160 kwa 120, ili galari ipate cha kuonyesha haraka. Programu nzuri hukibadilisha kijipicha hicho unapokropu, lakini baadhi ya programu za zamani ziliiacha picha ndogo ya mwanzo humo humo. Kwa orodha ya malipo si tatizo, maana maandishi hayasomeki kwa ukubwa huo. Kwa picha ya mtu aliyekatwa pembeni ni jambo jingine, kwani sura inaweza kutambulika. Mwenye kompyuta yenye ExifTool, programu ya kusoma na kusafisha taarifa zilizomo ndani ya faili la picha, anaweza kukitoa akiangalie:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg
```

Kuifanya iwe imekatika kweli

Lengo ni moja: kupata faili jipya lisilo na uhusiano wowote na picha nzima, kisha kuondoa kila mahali picha nzima ilipo. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili.

Njia inayowajia watu haraka ni skrinishoti, na inafanya kazi, kwa kuwa skrinishoti huchukua kilichoko kwenye kioo tu. Gharama yake ni ubora. Mstari wa karani una upana wa pikseli 4000, lakini kioo cha simu nyingi kikiwa wima kina upana wa 1080. Tarakimu iliyokuwa na upana wa pikseli 40 inabaki na kama 11. Kwa maandishi ya kalamu yaliyopigwa kwenye mwanga hafifu wa ghala, 3 na 8 zinaanza kufanana. Ukilaza simu unapata nafuu, kwa sababu upande mrefu wa kioo mara nyingi hufika 2400. Skrinishoti yenyewe usiikropu tena kwenye galari ile ile, vinginevyo umerudi ulikotoka: nayo itakuwa na Revert.

WhatsApp ni njia nyingine. Jitumie mwenyewe ile picha iliyokropiwa, kisha hifadhi iliyofika. Picha hiyo imesukwa upya. Kwa ubora wa kawaida upande mrefu hushushwa hadi karibu pikseli 1600, kwa hiyo chagua HD kabla ya kutuma. Usiitume kama Document, maana hapo faili linakwenda vile vile lilivyo, pamoja na yale maelezo ya mwishoni.

Mimi napendelea njia isiyoshusha ukubwa. Kwenye Samsung, fungua ile picha iliyokropiwa kwa programu nyingine ya kuhariri ambayo haiijui hifadhi ya galari, kwa mfano Google Photos, punguza ukingo kidogo sana, kisha uchague Save copy. Faili jipya linazaliwa likiwa na pikseli karibu zote. Mwenye kompyuta anaweza kuhamisha picha kwa waya, akaifungua kwa Paint na kuihifadhi kwa jina jingine, na matokeo ni yale yale. Chaguo la Save as copy ndani ya galari yenyewe silitegemei hadi niipime nakala kwa penseli kwanza. Nikikuta Revert, hiyo si nakala huru.

Kwenye iPhone, kitufe cha Duplicate hakisaidii. Nakala yake huzaliwa na historia yake ya kuhariri na inaweza kurudishwa kama ile ya kwanza. Badala yake bonyeza kitufe cha kushea, chagua Save to Files, kisha nenda kwenye Files, ifungue hiyo picha na uihifadhi tena kwenye Photos kwa Save Image. Ukigusa Edit kwenye hiyo mpya, Revert haipo.

Sasa sehemu inayosahaulika. Rudi kwa karani na Samsung yake. Ana faili jipya la mstari mmoja, ameshalipima kwa penseli na namba zinasomeka. Bado ana ile picha ya zamani iliyokropiwa, na nyuma yake ukurasa mzima umefichwa mahali asipopafikia. Hapo mimi ningefanya jambo linaloonekana la kinyume: ningebonyeza Revert kwenye ile ya zamani kwa makusudi. Ukurasa mzima unarudi kwenye albamu, mahali unapoonekana, na sasa unaufuta kwa mkono wako ukijua umefuta nini. Ila usibonyeze Revert kabla ya kuhakikisha faili jipya liko salama kwenye folda yake.

Kufuta pia hakumalizi kazi. Samsung hupeleka picha kwenye Trash na kuiweka siku 30. iPhone huiweka Recently Deleted siku 30. Google Photos huiweka siku 60 kama ilishapandishwa kwenye akaunti, na 30 kama haikupandishwa. Kwa muda wote huo yeyote anayeishika simu ikiwa imefunguliwa anaweza kujaribu kuirudisha. Ingia humo na ufute tena. Na kama picha ilitoka kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka kwamba ile nzima bado imo kwenye soga na huenda kwenye folda ya WhatsApp Images. Umeikropu galarini, soga haina habari.

Waliozoea kutumia ExifTool kusafisha taarifa za picha kwa `exiftool -all= picha.jpg` nao waangalie kwenye folda: programu hiyo huacha faili la kabla ya kusafishwa, likiwa na jina `picha.jpg_original`. Nimeona watu wakiituma folda nzima na faili hilo likiwa ndani.

Usiikate kila picha

Picha za familia, za shamba, za mtumbwi ufukweni Mikindani, ziache na Revert yake. Hifadhi hiyo inakula nafasi, maana simu inabeba picha nzima pamoja na iliyokatwa, lakini siku utakapotaka kumrudisha shangazi uliyemkata pembeni utashukuru ipo. Kukata moja kwa moja kunafaa kwa picha zenye namba za watu, saini, vitambulisho, mitihani, na sura za wasiohusika.

Na kwa fundi wa simu, karani ana jambo jingine la kufanya kabla hajaikabidhi. Fundi wa kioo mara nyingi haihitaji namba ya siri isipokuwa dakika chache za kujaribu mguso mwishoni, na hapo mwenye simu anaweza kuwepo aiweke mwenyewe. Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina Maintenance mode kwenye mipangilio, chini ya Device care. Ukiiwasha, fundi anapata simu inayofanya kazi lakini haoni picha zako wala ujumbe wako, na kuizima kunahitaji namba ya siri au alama ya kidole chako.